Mpangilio wa Hatua na Lebo katika Tafsiri ya Karatasi za Kuunganishia Samani: Uhakiki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna karatasi za kuunganishia samani zinavyofasiriwa kwa Kiswahili kutoka Kiingereza. Matini ya karatasi hizi hayajitoshelezi. Kila sentensi hutegemea mchoro, na kila namba iliyomo huelekeza mkono wa msomaji kwenye kitu mahususi. Kwa kuchambua hatua moja ya kuunganisha kabati la droo tatu, makala yanaonesha kuwa makosa mazito hayatokani na istilahi ngeni. Hutokana na namba inayohama kazi yake, vitenzi vinavyofuata mpangilio wa sentensi chanzi badala ya mpangilio wa mikono, na lebo zinazofasiriwa bila mchoro kuonekana. Makala yanahoji mkazo unaowekwa kwenye orodha za istilahi na kupendekeza vipimo vitatu ambavyo taasisi inaweza kuvitumia kabla ya kukubali tafsiri ya aina hii.

1.0 Utangulizi

Samani zinazouzwa zikiwa vipande bapa ndani ya boksi zimekuwa biashara kubwa tangu miaka ya 1950, hasa baada ya kampuni ya IKEA ya Uswidi kuanza kuziuza kwa namna hiyo mwaka 1956. Mnunuzi hubeba boksi, hulifungua nyumbani, na hufanya mwenyewe kazi ambayo zamani ilifanywa na seremala. Kinachosimama mahali pa seremala ni karatasi ya kurasa chache yenye michoro, namba, herufi na sentensi fupi. Karatasi hiyo ikikosewa, hakuna mtu wa kuulizwa.

Taaluma ya tafsiri ina mahali pa kuyaweka matini haya. Katharina Reiss, katika kazi yake ya mwaka 1971 kuhusu uhakiki wa tafsiri, aliyagawa matini kwa kuzingatia kazi yake: kuna yanayoarifu, yanayosisitiza umbo la kisanaa, na yanayomsukuma msomaji atende. Aliongeza aina ya nne, yaani matini yanayotegemea njia nyingine pamoja na maandishi. Karatasi ya kuunganishia samani imesimama katika aina ya tatu na ya nne kwa pamoja. Inamtaka msomaji atende, na haisemi neno lenye maana kamili mpaka jicho lifike kwenye mchoro.

Licha ya hayo, tafsiri za Kiswahili za matini ya kiufundi hujadiliwa zaidi kwa swali moja: neno fulani liitweje? Swali hilo ni halali, lakini kwa karatasi ya samani si la kwanza. Makala haya yanashikilia kwamba swali la kwanza ni la mpangilio: namba hii ni ya nani, na mkono uanze wapi?

Mfano unaochambuliwa umeundwa kwa ajili ya makala haya kwa kufuata umbo la kawaida la karatasi hizo. Ni karatasi ya kabati la droo tatu. Mbao zake kuu zina herufi: A ni ubao wa juu, B ubavu wa kushoto, C ubavu wa kulia, D ubao wa chini, na E ubao mwembamba wa mgongo. Vifaa vidogo vina namba ndani ya miduara. Namba 1 ni kijiti cha mbao cha kipenyo cha milimita 8 na urefu wa milimita 30. Namba 2 ni bolti inayokazwa kwenye ubavu na kuacha kichwa chake nje. Namba 3 ni kidude cha duara kinachokaa ndani ya tundu la ubao na kukishika kichwa cha bolti hiyo kinapozungushwa. Kidude hicho kitaitwa hapa kikazio.

2.0 Namba tatu zinazofanana

Katika mchoro mmoja wa karatasi hiyo kuna namba za aina tatu. Ya kwanza ni namba ya hatua, ambayo huwa kubwa na hukaa kwenye kona. Ya pili ni namba ya kifaa, ambayo hukaa ndani ya duara. Ya tatu ni idadi, na huandikwa kwa tarakimu ikifuatana na alama ya kuzidisha, mathalani 4x. Msomaji wa mchoro huzitofautisha kwa ukubwa, mahali na umbo. Zikihamishiwa ndani ya sentensi, tofauti hizo za macho hutoweka na lugha peke yake hubaki na kazi ya kuzitenganisha.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoachana na Kiingereza. Katika Kiingereza idadi hutangulia nomino, na namba ya utambulisho huifuata. Kwa hiyo namba inayokuja baada ya jina la kifaa haiwezi kueleweka kuwa ni idadi. Katika Kiswahili idadi huifuata nomino. Mfasiri anayefuata mpangilio wa chanzi na kuandika "zungusha vikazio 3" amekwisha kubadili maana bila kubadili hata tarakimu moja. Chanzi kilimtaka msomaji azungushe vikazio vyote vyenye namba 3, ambavyo katika hatua hiyo ni vinne. Tafsiri inamwambia azungushe vikazio vitatu. Atazungusha vitatu, ataona kazi imekamilika, na kiungo kimoja kitabaki kimelegea ndani ya kabati.

Tatizo hilohilo hujitokeza katika namba ya hatua. "Rudia hatua 3" ni kurudia hatua tatu. "Rudia hatua ya 3" ni kurudia ile iliyo ya tatu. Kiunganishi kidogo ndicho kinachotenganisha maagizo hayo mawili. Katika kabati la mfano, hatua ya 5 inataka msomaji aufanyie ubavu C yale aliyoufanyia ubavu B katika hatua ya 3. Kiunganishi kikiachwa, msomaji atarudi nyuma hatua tatu, yaani hadi hatua ya 2, na kutafuta bolti ambazo zimekwisha kukazwa.

Alama ya idadi nayo ina mtego wake. Mfasiri anayeona 4x akiwa na orodha tu mbele yake huweza kuandika "mara 4". Tafsiri hiyo ni sahihi katika hisabati, lakini katika mchoro inamaanisha kurudia kitendo. Ikikaa kando ya kikazio kilichochorwa na kishale cha kuzungusha, msomaji ana kila sababu ya kuelewa kwamba kila kikazio kizungushwe mara nne. Kikazio cha aina hii huhitaji takriban nusu mzunguko. Kikilazimishwa kupita kikomo chake hulegea au huharibika. Suluhisho ni dogo: idadi ibaki 4x kando ya mchoro kama ilivyo, na ndani ya sentensi iandikwe kwa maneno, huku namba ya kifaa ikitanguliwa na neno "namba": "vikazio vyote vinne (namba 3)".

3.0 Mpangilio unavyopotea ndani ya faili

Ingekuwa rahisi kulaumu uzembe wa mfasiri. Lakini mara nyingi mfasiri hakupewa karatasi, alipewa orodha. Karatasi hutengenezwa katika programu ya kupangia kurasa, na ndani yake kila lebo ni kisanduku kinachojitegemea. Kisanduku cha namba ya hatua hakijui kwamba kiko karibu na kisanduku cha sentensi. Maandishi yanapotolewa ili yafasiriwe, huweza kutoka kwa mpangilio ambao visanduku vilitengenezwa au vilivyopangwa ndani ya faili, na si kwa mpangilio ambao jicho hulisoma jedwali au mchoro. Hali ni hiyohiyo maandishi yanapochotwa kutoka kwenye PDF, kwa sababu faili ya aina hiyo huhifadhi maandishi kufuatana na namna ukurasa ulivyochorwa.

Hatua ya 3 ya kabati la mfano ina visanduku kumi: namba ya hatua, herufi A, B na D, namba za vifaa 1 na 3, idadi mbili za 4x, na sentensi mbili. Mchoraji aliyeanza na sentensi ya kukaza, akaongeza vifaa, kisha akarudi kuweka sentensi ya vijiti na namba ya hatua, atazalisha orodha inayoanza na kukaza na kuishia na kuingiza. Ndani ya orodha hiyo "3" inatokea mara mbili na "4x" mara mbili. Hakuna kinachoonesha kwamba "3" moja ni hatua na nyingine ni kikazio.

Programu za kumsaidia mfasiri huongeza uzito wa kosa. Kipande cha maandishi kinachofanana kabisa na kingine hupendekezewa tafsiri ileile, na mara nyingi hujazwa chenyewe. Mfasiri akiamua kwamba "3" ni "Hatua ya 3", uamuzi huo unaweza kunakiliwa hadi ndani ya duara la kikazio. Akifasiri lebo ya ubao wa juu kwa neno "Juu", neno hilohilo litaenda kukaa kando ya kishale kinachoonesha mwelekeo, na msomaji atakuwa na mahali pawili panapoitwa Juu katika kabati lililolazwa sakafuni.

4.0 Hatua ya tatu: vitenzi na mikono

Katika hatua ya 3, ubavu B umelazwa chini, na bolti nne zilizokazwa katika hatua ya 2 zimesimama juu yake. Mbao A na D, ambazo vikazio vyake vimekwisha kutiwa kwenye matundu yake, zinashushwa wima juu ya B. Mchoro una alama ndogo a, b na c. Alama a iko kwenye picha iliyokuzwa ya kikazio, yenye kishale kinachoelekea tundu la ukingoni. Alama b iko kwenye mshale mkubwa wa kushusha ubao. Alama c iko kwenye mshale wa kuzungusha.

Sentensi chanzi imejengwa kwa namna iliyozoeleka katika Kiingereza, ambapo kitendo kikuu hutangulia na masharti hufuata. Tafsiri inayoifuata hatua kwa hatua husomeka hivi: "Zungusha vikazio 3 baada ya kuunganisha mbao A na D kwenye ubavu B, ukihakikisha kwanza kwamba vishale vinaelekea kwenye tundu la ukingoni." Hakuna neno lisilo la Kiswahili humo, na mwalimu wa sarufi asingekuwa na la kusahihisha. Hata hivyo, mpangilio wa vitenzi ni c, b, a. Mchoro unasema a, b, c.

Msomaji wa karatasi hii amepiga magoti, mkono mmoja umeshika ubao na mwingine bisibisi. Hasomi sentensi hadi mwisho ndipo aanze kutenda. Husoma kitenzi cha kwanza, hutenda, kisha hurudi kwenye karatasi. Kitenzi cha kwanza kinamwambia azungushe. Kikazio kikizungushwa kabla ya bolti kuingia, mwanya wa kuipokea huacha kuielekea, na kichwa cha bolti hugonga ukuta wa chuma. Kinachoonekana ni ubao unaokataa kushuka milimita chache za mwisho. Mtu mwenye haraka huuchukulia kuwa umebana, akachukua nyundo. Ubao wa aina hii umetengenezwa kwa chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ukingo wake ukipasuka kwenye tundu, tundu halishiki tena, na hakuna kifaa ndani ya boksi cha kulitengeneza.

Tafsiri inayofaa haina budi kuivunja sentensi na kuipanga upya kwa kufuata mikono:

a. Elekeza kishale cha kila kikazio (namba 3) kwenye tundu la ukingo wa ubao.
b. Shusha mbao A na D juu ya ubavu B mpaka vichwa vya bolti viingie katika matundu.
c. Zungusha vikazio vyote vinne nusu mzunguko, kwa mwelekeo wa mishale ya saa.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Mfasiri aliyepanga upya sentensi bila kuona mchoro angeweza kuharibu uhusiano wa a, b na c, hasa kama alama hizo zingekuwa tayari zimechapwa kwenye picha. Uhuru wa kupanga vitenzi ni halali kwa sababu mpangilio wa lebo umeshikiliwa pale ulipo. Maneno ndiyo yanayosogea kuifuata lebo. Lebo haisogei kufuata maneno. Pale ambapo sharti haliwezi kutenganishwa na kitendo, Kiswahili kina njia yake ya kulitanguliza: "Ukishaingiza ubao wa mgongo E, ndipo usimamishe kabati." Kiambishi cha kukamilika kinambana msomaji kwenye kitendo cha kwanza kabla hajafikia cha pili.

5.0 Upatanisho wa kisarufi kama kipimo

Sentensi nyingine katika hatua hiyo inamtaka msomaji aviingize vitu fulani katika matundu na kuvisukuma mpaka vikome. Chanzi kinatumia kiwakilishi cha wingi kisichosema ni vitu gani. Kiingereza kinaweza kukaa kimya hivyo, Kiswahili hakiwezi. Kiambishi cha mtendwa kinamlazimu mfasiri achague: "viingize" kama ni vijiti, "ziingize" kama ni bolti, "iingize" kama ni misumari midogo ya mgongo. Mfasiri asiyeona mchoro hana msingi wa kuchagua. Anabahatisha, na bahati yake inabaki imeandikwa kwenye karatasi.

Jambo hili, linaloonekana kuwa mzigo, ni msaada kwa mhakiki. Upatanisho huacha alama ya kile mfasiri alichodhani. Karatasi inayosema "zisukume" kando ya picha ya kijiti namba 1 inaonesha mara moja kwamba sentensi na mchoro havikukutanishwa. Mhakiki hahitaji kujua useremala. Anahitaji kuoanisha kiambishi cha kila kitenzi na ngeli ya jina la kifaa ambacho lebo yake imekielekea. Katika karatasi ya hatua kumi kazi hiyo huchukua muda mfupi, na hufichua makosa ambayo kusoma matini peke yake hakuyaoni.

Kipimo hiki kina mpaka. Vijiti na vikazio viko katika ngeli moja, hivyo "viingize" haiwezi kuvitenganisha. Mahali ambapo vifaa viwili vya ngeli moja vinatumika katika hatua moja, kiambishi hakitoshi na jina halina budi kurudiwa pamoja na namba yake. Urudiaji huo ungekuwa dosari katika insha, lakini hapa msomaji anaporudisha macho kwenye karatasi huwa amesahau sentensi iliyotangulia, na anastahili kukikuta kitu kimetajwa kwa jina lake.

6.0 Jina la kipande na herufi zilizogongwa kwenye chuma

Neno "kushoto" katika karatasi ya samani ni jina kabla ya kuwa mwelekeo. Ubavu wa kushoto ni ule utakaokuwa kushoto mwa mtu anayelitazama kabati lililokamilika kwa mbele. Lakini katika hatua nyingi kabati limelazwa, au limeinamishwa uso chini ili mgongo upigiliwe, na ubavu huo huwa upande wa kulia wa msomaji. Tafsiri ya "upande wa kushoto" inampeleka msomaji kwenye mkono wake mwenyewe. Tafsiri ya "ubavu wa kushoto (B)" inampeleka kwenye kipande chenye karatasi ndogo ya B iliyobandikwa. Neno "ubavu" lina faida ya kutaja sehemu ya kitu, na herufi inafunga mjadala.

Reli za droo huonesha jambo hili kwa ukali zaidi. Reli nyingi za magurudumu huja zikiwa zimegongwa alama CL, CR, DL na DR kwenye chuma chenyewe. Hivi ni vifupisho vya Kiingereza: C ni kabati, D ni droo, L ni kushoto na R ni kulia. Mfasiri mwenye bidii huweza kuviswahilisha katika lebo, akaandika KK kwa kabati kushoto. Tatizo ni kwamba "kulia" nalo huanza na herufi hiyohiyo, na hata kama lisingeanza nayo, mtumiaji anageuza chuma mkononi akitafuta herufi ambazo hazipo. Kilichogongwa au kubandikwa kwenye kitu hakifasiriwi, hufafanuliwa: "Reli yenye alama CL hufungwa kwenye ubavu wa kushoto (B), yenye alama CR hufungwa kwenye ubavu wa kulia (C)." Reli zikibadilishana pande, gurudumu huja mahali pasipofaa, na droo hukwama au haiingii kabisa. Mtumiaji huanza kulaumu kiwanda, ilhali kosa liko katika herufi mbili.

Kanuni inayotokana na hayo ni kwamba lebo ni anwani. Anwani haiboreshwi kwa kupewa lugha nzuri zaidi. Inafaa pale tu inapolingana na kilichoandikwa mlangoni.

7.0 Istilahi, na hoja ya michoro isiyo na maneno

Hoja inaweza kuletwa kwamba kikwazo halisi katika ukanda huu ni istilahi. Fundi wa Dar es Salaam na wa Nairobi hawatumii majina yaleyale kwa vifaa vyote, na Bujumbura au Goma maneno mengi ya ufundi yametokana na Kifaransa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini uzito wake hupungua panapokuwa na mchoro. Msomaji asiyelijua neno "kikazio" hutazama duara lenye namba 3, hufungua mfuko wenye namba 3, na hukipata kifaa. Jina limemshinda, anwani imemfikisha. Kinyume chake hakina tiba: msomaji anayelijua jina vizuri lakini akapewa namba ya hatua mahali pa namba ya kifaa, au c kabla ya a, atakosea kwa uhakika kamili. Orodha ya istilahi iliyosanifiwa haiwezi kumwokoa.

Istilahi hurudi kwenye uzito wake pale ambapo mchoro haupo, yaani katika maonyo. Hapa ndipo pia hoja ya kuondoa maneno yote inapokoma. IKEA imejulikana kwa michoro isiyo na sentensi, na kwa hatua za kawaida njia hiyo huepusha matatizo mengi yaliyotajwa hapo juu. Lakini hata katika karatasi za namna hiyo maonyo ya usalama huandikwa kwa maneno, katika lugha nyingi, kwa sababu sharti na wajibu havichoreki kwa urahisi. Mwezi Juni mwaka 2016 kampuni hiyo ilitangaza nchini Marekani kuyarudisha makabati ya droo yapatayo milioni 29, baada ya vifo vya watoto walioangukiwa na makabati yasiyofungwa ukutani. Mwaka 2022 nchi hiyo ilitunga sheria ya kulazimisha kiwango cha uthabiti kwa makabati ya nguo.

Katika kabati la mfano, agizo la kufunga kabati ukutani ni hatua ya 10, lakini sentensi yake iko katika kisanduku cha ukurasa wa maonyo. Tafsiri inayosema "inashauriwa kabati lifungwe ukutani" imegeuza wajibu kuwa hiari. Tafsiri inayoliweka agizo hilo mwisho kabisa, baada ya sentensi ya kupanga nguo kwenye droo, imegeuza mpangilio kuwa hatari, maana kabati huwa na uwezekano mkubwa wa kuanguka droo zilizojaa zinapovutwa pamoja. Sentensi inayohitajika ni fupi: "Lazima kabati lifungwe ukutani kabla ya kutia kitu chochote kwenye droo." Skrubu ya ukutani kwa kawaida haimo ndani ya boksi kwa kuwa kuta hutofautiana. Kwa hiyo tafsiri inayosomwa mahali ambapo kuta nyingi ni za matofali ya saruji inapaswa kueleza wazi kwamba skrubu na plagi yake hununuliwa kwa kufuata aina ya ukuta.

8.0 Hitimisho: vipimo vitatu

Kiwango cha kimataifa IEC/IEEE 82079-1 cha mwaka 2019 kinahusu utayarishaji wa maelezo ya matumizi ya bidhaa, na kinagusa pia lugha na tafsiri. Mashirika ya viwango ya ukanda huu, kama TBS, KEBS na UNBS, yana nafasi ya kudai zaidi ya kuwapo kwa maandishi ya Kiswahili ndani ya boksi. Uchambuzi uliofanywa hapa unaelekea kwenye vipimo vitatu ambavyo havihitaji maabara.

Kipimo cha kwanza ni cha mkataba: mfasiri apewe kurasa zenye michoro, na aithibitishe tafsiri baada ya kurudishwa kwenye kurasa hizo. Orodha iliyokaguliwa bila kurasa ihesabiwe kuwa haijakaguliwa. Cha pili ni cha hesabu. Idadi za kila kifaa katika hatua zote zijumlishwe na kulinganishwa na orodha ya vifaa vilivyomo ndani ya boksi. Katika kabati la mfano, vikazio 4x vya hatua ya 3 na 4x vya hatua ya 5 vinapaswa kufika 8. Jumla isipolingana, kuna namba iliyohama kazi. Katika kuijumlisha, mkaguzi asome sentensi pamoja na alama za mchoro, kwa kuwa "vikazio 3" huonekana hapo waziwazi kuwa idadi isiyo yake.

Cha tatu ni cha mikono. Mtu asiye fundi, anayesoma Kiswahili na ambaye hakuiona karatasi chanzi, aunganishe samani moja huku mkaguzi akitazama bila kusema. Kinachoandikwa si maoni ya msomaji kuhusu lugha. Ni kila mahali anaporudi hatua ya nyuma, anapogeuza kipande mara mbili, au anapochukua nyundo mahali ambapo karatasi haikuitaja. Sehemu hizo ndizo sentensi za kurudi kwa mfasiri.

Vipimo hivi havifuti kazi ya istilahi. Vinaipanga mahali pake. Karatasi yenye majina ya kawaida tu na namba zilizokaa mahali pake huzaa kabati linalosimama. Karatasi yenye istilahi zilizosanifiwa na namba zilizopotea huzaa mbao zilizopasuka ukingoni, na wakati mwingine kabati linalomsubiri mtoto avute droo.